Mapunguzo Mawili kwenye Ankara Moja

Mzee niliyemwandikia hesabu kwa mara ya kwanza alikuwa na duka la jumla la vifaa vya ujenzi Mbagala, si mbali na Rangi Tatu, upande ambao malori ya Barabara ya Kilwa hushusha mabati na misumari tangu alfajiri. Wateja wake wengi walikuwa wenye maduka madogo ya Tandika, Chamazi na Mbande, na wachache waliokuwa wakivuka jiji zima kutoka Tegeta na Bunju kwa sababu bei yake iliwafaa. Wote walianza mazungumzo kwa namna moja: "Shikamoo mzee. Leo unanipunguzia kiasi gani?" Mzee alikuwa na majibu mawili. Kwa mwenye duka alisema, "Marahaba. Wewe mfanyabiashara mwenzangu, siwezi kukuuzia bei ya mtu anayejenga nyumba yake." Na kama mteja huyo alichukua mali kauli, aliongeza, "Ukinilipa ndani ya siku 10, nitakutolea tena kidogo."

Kwa mteja, yote mawili yalikuwa punguzo, na hakuwa na sababu ya kuyatofautisha. Alichotaka kujua ni fedha ngapi zitatoka mfukoni. Kwangu mimi niliyekaa nyuma ya daftari, yalikuwa mambo mawili yasiyofanana. La kwanza lilikuwa sehemu ya bei. La pili lilikuwa ahadi iliyosubiri tendo la mtu mwingine. Nimefanya kazi ya hesabu katika maduka ya Temeke na baadaye Kinondoni, na ninaweza kusema kwamba vitabu vingi nilivyokabidhiwa vikiwa vimevurugika vilivurugikia hapo hapo, pale mwandishi alipoyaweka mapunguzo haya mawili kwenye safu moja.

Mwalimu wetu wa uwekaji hesabu sekondari alikuwa amelisema jambo hili kwa njia ambayo sikuuelewa uzito wake mpaka nilipoingia dukani. Alituchorea ubaoni kitabu cha fedha chenye safu tatu kila upande: punguzo, taslimu na benki. Kisha akauliza, "Hii safu ya punguzo ni ya punguzo lipi?" Darasa likanyamaza. Akasema, "Ni ya mtu aliyelipa mapema. Punguzo la biashara halina safu hapa, wala halina leja popote. Linaishia kwenye ankara." Tulilinakili kama tulivyonakili kila kitu. Dukani ndiko nilikoona kwamba sentensi hiyo ndiyo inayoamua mauzo yaandikwe kiasi gani, na Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, ipelekewe kiasi gani.

Nichukue ankara moja ya aina tuliyokuwa tukiandika mara kwa mara, niifuate kuanzia kaunta hadi kwenye ritani ya kodi. Tarakimu nimezifanya nyepesi ili mtu aweze kuzihakiki kwa kalamu.

Mteja wa Tegeta anachukua mabati 100. Kwenye orodha ya bei, bati moja ni shilingi 30,000 kabla ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile ambayo risiti zetu huiandika VAT. Jumla ya orodha ni 3,000,000. Kwa kuwa ni mwenye duka, anapata punguzo la biashara la asilimia 10, yaani 300,000, na kubaki 2,700,000. VAT ya asilimia 18 inatozwa kwenye hizo 2,700,000, ambayo ni 486,000. Ankara inafungwa kwa shilingi 3,186,000. Chini yake mzee anaagiza niandike: malipo ndani ya siku 30, akilipa ndani ya siku 10, punguzo la asilimia 2 ya jumla.

Siku hiyo hiyo daftari linapokea mistari mitatu tu. Mteja anadaiwa 3,186,000. Mauzo ni 2,700,000. VAT tunayodaiwa na TRA ni 486,000. Zile 3,000,000 hazionekani popote kwenye leja, na 300,000 hazionekani pia. Ankara inaweza kuzionyesha ili mteja aone amependelewa, lakini kwa vitabu vyetu hazikuwahi kuwapo. Hakuna siku hata moja ambayo mteja huyu alitudai au tulimdai 3,000,000. Bei tuliyokubaliana naye, mali ilipobadili mikono, ilikuwa 2,700,000.

Sheria ya kodi inaliona jambo hivyo hivyo. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2015, inahesabu thamani ya mauzo baada ya kuondoa punguzo lililotolewa na kuhesabiwa wakati wa mauzo yenyewe. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Punguzo la biashara linakidhi sharti hilo bila shida, kwa sababu limekwisha kutolewa kabla mashine ya EFD haijachapa risiti.

Yapo maduka niliyoyakuta yakiandika mauzo 3,000,000 na kuingiza 300,000 kama gharama ya punguzo. Wenye maduka hayo walidhani hakuna tofauti, kwa kuwa faida inatoka ile ile. Ni kweli faida haibadiliki, lakini mauzo yamevimba, na katika nchi yetu mambo mengi ya kodi hupimwa kwa mauzo. Tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, mfanyabiashara analazimika kujisajili kwa VAT mauzo yake ya mwaka yanapofikia shilingi milioni 200. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa milioni 100. Mtu ambaye mauzo yake halisi ni milioni 185, lakini anayeandika bei za orodha, anaweza kujikuta kwenye karatasi amevuka mstari ambao kwa kweli hajaufikia. Na mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi ya mapato kwa makadirio, yule ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 100, anatozwa kwa kuangalia mauzo ghafi, si faida. Kwake gharama haziangaliwi kabisa. Kwa hiyo punguzo alilolipeleka kwenye gharama halimpunguzii hata senti. Amelipia kodi fedha ambazo hakuwahi kuzipokea.

Kosa jingine kubwa zaidi ni kutoza VAT kwenye bei ya orodha kisha kutoa punguzo baadaye. Asilimia 18 ya 3,000,000 ni 540,000. Mteja anatozwa 54,000 za ziada, na kwa kuwa zimeandikwa kwenye risiti kama VAT, muuzaji hana ruhusa ya kuzibakiza. Ni lazima azipeleke. Hapo muuzaji hana alichopata, na bei yake imepanda mbele ya jirani anayehesabu sawasawa.

Punguzo la biashara halihitaji asilimia iliyochapwa kwenye karatasi. Mvutano wote wa kaunta, ule wa "niambie bei ya mwisho", ni punguzo la biashara, ili mradi bei ikubaliwe kabla ya risiti kutoka. Jambo la kuangalia hapo ni kwamba bei zinazotajwa kwa mdomo mara nyingi zina VAT ndani yake. Mzee alipomwachia mteja wa rejareja 10,000 kwenye bei yenye VAT, si 10,000 zote zilizotoka kwenye mauzo yetu. Unazidisha kwa 18 na kugawa kwa 118, unapata 1,525 hivi ambazo ni kodi iliyopungua, na 8,475 ndizo mauzo yaliyopungua. Mashine hufanya hesabu hiyo yenyewe ukiingiza bei ya mwisho. Ukiingiza bei ya kwanza kwenye mashine na kumrudishia mteja 10,000 kwa mkono, umelipia TRA kodi ya fedha ulizozirudisha.

Sasa turudi kwa yule mteja wa Tegeta, aliyeondoka na mabati yake bila kulipa. Ile asilimia 2 iko kwenye karatasi, imeandikwa, na mzee ataiheshimu. Ni sawa na shilingi 63,720 za jumla ya ankara. Lakini je, imekwisha kutolewa? Haijatolewa. Mteja anaweza kulipa siku ya nane, au siku ya ishirini na tano, au tukamfuata Tegeta siku ya hamsini. Siku ya kuandika ankara hakuna aliyejua. Kwa hiyo ankara na risiti hubeba kiasi kizima, 3,186,000, na VAT nzima, 486,000. Hiyo ndiyo tofauti kuu: punguzo la biashara hujulikana mali inapotoka, la malipo ya mapema hujulikana fedha inapoingia.

Kuna msaidizi mmoja aliyekuwa dukani kabla yangu ambaye, kwa kumwamini mteja, alikuwa akitoa asilimia 2 moja kwa moja kwenye ankara. Aliandika mauzo 2,646,000 na VAT 476,280. Mteja akilipa kwa wakati, tarakimu zilikubaliana na fedha. Mteja akichelewa na kulipa ankara nzima, ziliingia 63,720 ambazo daftari halikuwa na mahali pa kuzipokea. Nilizikuta zimelundikwa kwenye leja ya "mapato mengineyo". Ndani ya kila 63,720 kulikuwa na 9,720 za VAT ambazo hazikupelekwa, na 54,000 za mauzo ambazo hazikuandikwa. Kwa mteja mmoja ni kiasi kidogo. Lakini wengi walikuwa wanachelewa, na mkaguzi anayezikuta fedha benki zaidi ya risiti huuliza swali moja tu, nalo ni gumu kulijibu: fedha hizi ni za mauzo gani?

Tuchukulie mteja amelipa mapema. Analeta 3,122,280, yaani 3,186,000 kutoa 63,720. Kwenye kitabu cha fedha, safu ya benki inapokea 3,122,280, na ile safu ya punguzo aliyotuchorea mwalimu hatimaye inapata kazi. Ila safu hiyo, kama tulivyofundishwa darasani, ilikuwa ya enzi ya mifano isiyo na VAT. Dukani hatuwezi kuandika 63,720 zote kama punguzo letu. Asilimia 2 ilikatwa kwenye jumla yenye kodi, kwa hiyo ndani yake mna sehemu mbili: 54,000 ni mauzo yetu yaliyopungua, na 9,720 ni VAT iliyopungua. Bei halisi aliyolipa mteja imekuwa 2,646,000, na asilimia 18 yake ni 476,280. Ukizijumlisha unapata 3,122,280 kamili.

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha kimya kimya. Kupokea pungufu hakupunguzi VAT. Risiti ya EFD ilikwisha kutoka ikiwa na 486,000, na ripoti ya siku, ile ya Z, ilikwisha kuzibeba. Risiti haifutwi kwa sababu mteja amelipa kidogo. Njia ya kuipunguza kodi ni kutoa krediti noti inayotaja ankara ile ya awali, tarehe yake, kiasi kilichopungua cha mauzo na kiasi kilichopungua cha VAT, na nakala impate mteja. Sheria inalitambua badiliko la bei baada ya mauzo kuwa sababu halali ya marekebisho, lakini marekebisho hayo yanahitaji karatasi. Bila krediti noti, mzee anakuwa amempa mteja 63,720 na bado amepeleka TRA 9,720 zinazotokana na fedha ambazo hakuzipata. Punguzo alilolipanga liwe asilimia 2 linamgharimu zaidi ya asilimia 2.

Swali lililokuwa likirudi kila mwezi ni la tarehe. Ankara imeandikwa tarehe 28 Machi, mteja amelipa tarehe 5 Aprili. Ritani ya VAT ya Machi huwasilishwa kufikia tarehe 20 Aprili. Ninapoijaza, tayari ninajua kwamba mteja amelipa mapema. Mzee alikuwa akiniambia, "Mwanangu, si tayari tunajua amelipa pungufu? Kwa nini tupeleke nzima?" Nilimweleza kwamba Machi yenyewe haikujua. Mpaka inakwisha, tulikuwa tunamdai mteja 3,186,000, na VAT ya Machi ni 486,000. Badiliko limetokea Aprili, kwa hiyo 9,720 zinapunguzwa kwenye ritani ya Aprili, inayowasilishwa kufikia tarehe 20 Mei. Hatupotezi chochote, tunasubiri mwezi mmoja. Lakini tukizipunguza kwenye Machi, ritani itatofautiana na ripoti za Z za mwezi huo, na tofauti hiyo TRA inaiona kwenye mfumo wake kabla hata ya kutuuliza.

Kwa upande wa vitabu vya biashara, zile 54,000 zinakwenda wapi? Kwa mtindo wa zamani, ule wa darasani, mauzo yanabaki 2,700,000 na punguzo lililotolewa linaandikwa kama gharama kwenye hesabu ya faida na hasara. Kampuni zinazofuata viwango vya kimataifa vya utoaji wa taarifa za fedha, kwa kiwango kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, huliona punguzo hilo kuwa upungufu wa mapato yenyewe, na hutakiwa kulikadiria mapema kutokana na tabia ya wateja wao. Faida ni moja kwa njia zote mbili. Lakini makadirio hayo ni ya taarifa za fedha tu; hayagusi risiti wala VAT. Niliwahi kukutana na kijana aliyemaliza chuo, hodari wa viwango, aliyetaka kupunguza VAT ya mwezi kwa makadirio ya nani atalipa mapema. Kodi haikadiriwi hivyo. Inasubiri tukio na karatasi yake.

Baadaye nilihamia upande wa pili wa jiji, nikawa nashika hesabu za duka la Tegeta, la aina ile ile iliyokuwa ikinunua Mbagala. Huko niliiona ankara kwa macho ya mnunuzi, na mambo mawili yakanikaa.

La kwanza ni kuhusu bei ya mali stoo. Tajiri wetu alipenda kuandika mabati kwa bei ya orodha, 30,000, kwa sababu ndiyo iliyomsaidia kukumbuka bei ya kuuzia. Lakini mabati hayo yalimgharimu 27,000. Akihesabu mali mwisho wa mwaka kwa 30,000, anajionyesha ana utajiri ambao hana, na faida isiyopatikana inatozwa kodi. Punguzo la biashara lisiloingia kwenye vitabu vya muuzaji haliingii kwenye vitabu vya mnunuzi pia.

La pili ni thamani ya kweli ya ile asilimia 2. Duka letu lilikuwa limesajiliwa VAT, kwa hiyo zile 486,000 za kwenye ankara tulizidai kama kodi ya manunuzi, tukazitoa kwenye VAT ya mauzo yetu. Tukilipa mapema na kupokea krediti noti, inatubidi tupunguze dai letu kwa 9,720. Punguzo la 63,720 lililotuvutia linabaki 54,000 mkononi. Duka dogo la Mbande lisilosajiliwa, lisiloweza kudai VAT, linabaki na 63,720 zote. Ankara ni ile ile, masharti ni yale yale, lakini faida ya kulipa mapema si sawa kwa wote wawili.

Hili lina maana siku tajiri anapotaka kukopa ili awahi siku ya kumi. Tuseme anakopa 3,122,280 kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa siku 20 tu, yaani kutoka siku ya kumi hadi ya thelathini. Riba ni takriban 73,000. Analipa 73,000 ili apate 54,000. Na wakopeshaji wa mitaani, wale ambao mikopo yao watu huiita kausha damu, hutoza zaidi ya hapo. Kama fedha iko benki imelala, hali inageuka: kupata 54,000 kwa kulipa 3,122,280 siku 20 mapema ni sawa na mapato ya zaidi ya asilimia 31 kwa mwaka, na hakuna akaunti ya akiba inayofika huko. Hapo ndipo nilipoelewa tabia ya kila punguzo. La biashara ni bei ya mabati. La malipo ya mapema ni bei ya fedha, na linapaswa kupimwa kama mkopo unavyopimwa.

Kuna kipimo kimoja ninachokitumia kila ninapopewa vitabu vya duka nisilolijua, na nimekikuta kikinionyesha tatizo haraka kuliko kusoma ankara moja moja. Ninachukua mauzo ya mwezi ya bidhaa zinazotozwa VAT ya asilimia 18, nikiweka kando zilizosamehewa. Kisha ninagawa VAT ya mauzo kwa mauzo hayo. Jibu linapaswa kuwa asilimia 18, si zaidi wala pungufu.

Likiwa chini ya hapo, mara nyingi mauzo yameandikwa kwa bei ya orodha ilhali VAT imetozwa kwenye bei halisi. Kwa ankara yetu, 486,000 ukizigawa kwa 3,000,000 unapata asilimia 16.2. Hakuna kiwango cha namna hiyo. Ni punguzo la biashara lililoingia mahali lisipotakiwa. Jibu likiwa juu ya 18, mara nyingi punguzo la malipo ya mapema limeondolewa kwenye mauzo lakini krediti noti haikutolewa: 486,000 kwa 2,646,000 ni kama asilimia 18.37. Ile sehemu iliyozidi ni kodi ambayo mwenye duka ameilipa kutoka mfukoni mwake. Kwa maduka yanayopeleka punguzo kwenye gharama, kipimo hiki cha pili hakitaonyesha kitu, kwa sababu mauzo yamebaki mazima. Hapo ninafungua leja ya punguzo na kuuliza kama kila mstari wake una krediti noti.

Leja hiyo ya punguzo ina ushahidi mwingine. Kama duka linatoa asilimia 2 kwa wanaolipa mapema, jumla ya leja haiwezi kuzidi asilimia 2 ya mauzo ya mkopo, hata kama kila mteja angelipa siku ya kwanza. Nikiikuta ina asilimia 7 au 9, ninajua kuna punguzo la biashara ndani yake kabla sijageuza ukurasa. Na kwenye leja za wadaiwa ninatafuta mabaki madogo yasiyolipwa miezi na miezi. Mteja anayedaiwa 63,720 kwenye ankara ya 3,186,000 si mdaiwa sugu. Alilipa kwa wakati, akakata haki yake, na mwandishi hakuiandika. Duka moja lilikuwa likiwapigia simu wateja wake bora kuwadai fedha ambazo lilikuwa limekwisha kuwasamehe kwa maandishi.

Lipo pia punguzo ambalo wauzaji wakubwa huwapa maduka mwisho wa mwaka kwa kufikisha kiasi fulani cha manunuzi. Linafanana na punguzo la biashara kwa kuwa linatokana na wingi, na watu hulichukulia hivyo. Lakini ukiuliza lilijulikana lini, jibu linakuwa Desemba, wakati ankara zilitoka tangu Januari. Halikuwepo wakati wa mauzo, kwa hiyo linafuata njia ya lile la pili: ankara zinabaki nzima, na krediti noti inatolewa siku haki inapothibitika. Swali la lini linafaa kuliko jina alilolipa muuzaji.

Ndiyo sababu, ninapowasaidia wenye maduka siku hizi, ninaanza na maneno ya chini ya ankara kabla ya kugusa leja. "Punguzo asilimia 2" peke yake haitoshi. Asilimia 2 ya nini? Ya jumla yenye VAT, au ya bei kabla ya VAT? Ndani ya siku 10 tangu tarehe ya ankara, au tangu mali ilipopokelewa? Na fedha ihesabiwe imefika lini, mteja alipotuma au ilipoonekana benki? Mzee wa Mbagala alikubali tuandike hivi: "Bei hizi ni baada ya punguzo la biashara. Ukilipa jumla yote, fedha ikaonekana benki ndani ya siku 10 tangu tarehe ya ankara hii, utapata punguzo la asilimia 2 ya jumla pamoja na VAT, kwa krediti noti." Tangu hapo mteja alijua akate kiasi gani, mimi nilijua nitoe karatasi gani, na mwisho wa mwezi VAT ikigawanywa kwa mauzo baada ya krediti noti zote ilitoa asilimia 18.